Machozi Saba ya Babu

Shangazi Zena hapigi simu alfajiri bila jambo. Siku ile alipiga saa kumi na mbili na nusu, mimi ndio kwanza napepea jiko la mkaa uani kwetu Ng'ambo, Tabora.

"Tatu, babu yako yuko wapi?"

"Bado yuko kwenye mswala."

"Na simu yake?"

"Juu ya redio."

"Ichukue. Fungua grupu la msiba wa kina Mzee Pazi. Halafu unipigie, mimi nguvu zimeniishia."

Nikaichukua. Simu ya Babu haina namba ya siri. Anasema yeye si mwizi. Grupu lilikuwa limefunguliwa na wajukuu wa Mzee Pazi kule Kisarawe kwa ajili ya taarifa na michango ya msiba wa bibi yao, Mama Hamisi. Jana yake jioni waliandika kwamba mazishi yamekwisha salama na wanawashukuru wote. Chini yake poleni zilipangana kama mabehewa: poleni sana wafiwa, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Mungu ampe kauli thabiti. Kisha saa nne na dakika kumi na mbili usiku, Babu:

"Pazi ndugu yangu. Habari nimeipata. Mama Hamisi kanilisha siku nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sina la kusema 😂😂😂😂😂😂😂"

Baada ya hapo hakuna aliyeandika tena. Grupu la watu themanini na kitu, usiku kucha, kimya. Isipokuwa namba moja isiyo na jina, iliyoweka alama ya kuuliza peke yake.

Ni lazima niseme kidogo kuhusu Babu na Mzee Pazi, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilikaa chini pale pale kwenye kigoda huku chai inafurika. Babu alikuwa stesheni masta, Reli ya Kati, tangu enzi za Afrika Mashariki kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Mzee Pazi alikuwa gadi wa treni. Treni ilipolala njiani, na zilikuwa zinalala, gadi alilala kwa stesheni masta. Babu naye alipopelekwa Dar es Salaam kwa kazi hakufikia hotelini hata mara moja. Alifikia kwa Pazi, akala wali wa nazi wa Mama Hamisi, akarudi na kilo mbili zaidi na hadithi za kutosha mwezi mzima. Huyo ndiye mtu aliyekuwa ameonekana anamcheka maiti.

Tuliongea kwa simu watu wanne kwa pamoja. Shangazi akiwa Dar, Baba akiwa Kaliua kwenye tumbaku yake, kaka yangu Juma chuoni Mwanza, na mimi nimejibanza nyuma ya tangi la maji ili Babu asisikie.

Juma alisema tuufute ujumbe haraka kabla watu hawajaamka.

"Ukifuta panabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa," nikamwambia. "Na walioona wameshaona."

"Afadhali wacheke kuliko kufuta," akasema Shangazi. "Ukifuta watasema alitukana."

Baba alikuwa anahema tu. Mwisho akasema, "Lakini mtu amwambie."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nikamwambie baba yangu kwamba hajui kulia? Zena, hilo siliwezi. Mwambie wewe, wewe ni binti yake."

"Mimi nikimwambia nitalia, na yeye akiniona nalia atadhani kafa mwingine."

Hapo ndipo Bibi alipotokea na ungo wake wa mchele. Kumbe alikuwa amesikia yote, maana Juma haongei, anahutubia. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mke mwenzangu, nenda kamwambie mumeo."

Na kweli hakuna mwingine ambaye angeweza. Mtoto humheshimu baba yake. Mjukuu humtania babu yake, na anaruhusiwa kusema mambo ambayo mtoto akiyasema ni laana. Tangu nizaliwe Babu ananiita mke wangu, na mimi namwambia ameoa vibaya, hana hata ng'ombe wa mahari. Nikapeleka chai, viazi vitamu na kopo la asali, nikakaa mkekani karibu yake. Simu nikaiweka katikati yetu.

"Mume wangu," nikasema, "jana usiku ulimwandikia Mzee Pazi."

"Nilimwandikia. Nilitumia saa nzima. Vidole hivi vimekuwa vinene kuliko vile vitufe."

"Na mwishoni ukaweka hivi vichwa."

"Saba." Akavaa miwani. "Niliviona kwa wengine wanaweka. Nikatafuta chenye machozi."

"Hebu kitazame vizuri."

Akaisogeza simu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. "Si machozi haya? Moja huku, moja huku."

"Machozi ni machozi. Mdomo je?"

Akatazama mdomo. Nilijaribu kuikuza ile picha kwa vidole viwili na, kwa vile haikuziki, nikaamua kutafuta kubwa kwenye simu yangu. Nikamwonyesha. Kichwa kimoja cha njano kikajaa kioo kizima: macho yamefumbwa, meno yote nje, machozi yanaruka pembeni kama maji ya bomba lililopasuka.

Babu hakusema kitu kwa muda. Aliondoa kijiko kwenye chai, akakilaza kwenye sahani.

"Huyu anacheka."

"Anacheka mpaka machozi yanamtoka, Babu. Watu wakisikia kichekesho ndicho wanachoweka."

"Nimemcheka Pazi."

"Hujamcheka. Umekosea alama. Wengi wanakosea, hata Shangazi Zena mwaka juzi alimwekea bosi wake busu."

Hilo la Shangazi nilikuwa nimeapa kutolisema kamwe, lakini mambo yalikuwa mazito. Halikusaidia. Babu alikuwa ametazama ukutani, kwenye ile picha yake ya sare, kofia kichwani, bendera ya kijani imekunjwa mkononi.

"Kazini tulikuwa tunapiga simu ya nukta na mistari," akasema. "Nukta tatu ni S. Nukta nne ni H. Ukiteleza kidole, ukazidisha moja, umesema kitu kingine, na aliyeko stesheni ya mbele hakuoni usoni. Mimi sikuteleza. Miaka yote ile, Tatu, sikuteleza." Aliponiita kwa jina langu nikajua ameumia.

"Sasa wanaolia ni wepi?"

Nikamwonyesha 😭. Akakataa. "Huyu anapiga mayowe. Mimi sikulia hivyo." Nikamwonyesha 😢. "Huyu kanyang'anywa peremende." Nikamwonyesha mikono iliyounganishwa, akauliza kama anaomba au anashukuru, nikasema inategemea, akaguna. "Yule anayekaa tu kitandani ameshika simu, taa imezimwa, hayupo?"

Nikamwambia hayupo.

"Basi nipigie Pazi. Si kuandika. Nipigie."

Nilipiga. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na safari hii ikapokelewa, nikasikia kelele za masufuria na watoto, msiba bado umejaa watu. Nikaweka sauti ya nje. Babu akakohoa, akaanza salamu ndefu, na kabla hajafika katikati Mzee Pazi akamkata.

"Mnyamwezi! Huna haya!"

"Pazi, nisikilize..."

"Mimi nimefiwa, wewe unanicheka! Hukuja kuzika, hukuja kulala juu ya kaburi udai chako, umekaa kwenu unakula asali na unacheka kwa bando! Wajukuu wamenisomea asubuhi wakiwa wanatetemeka. Nikawauliza, nani kaandika? Wakasema Mzee wa Tabora. Nikawaambia, tulieni, huyo ni mtani wangu. Mngekuwa Wazaramo wa zamani msingeshtuka."

Nikamwangalia Babu. Ukweli ni kwamba katika hofu yetu yote hakuna aliyelikumbuka hilo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu wapagazi wetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani kwenye msiba ana kazi yake: atamwigiza marehemu anavyotembea, atakalia jeneza mpaka alipwe, atawaambia wafiwa wanalia vibaya. Vijana wa siku hizi tunauona kwa nadra, mpaka tukaogopa vichwa saba vya njano.

"Tangu juzi sijacheka," Mzee Pazi akaendelea, na sauti ikashuka. "Leo nimecheka. Wameniletea uji nikaunywa. Mama Hamisi angekuwepo angekwambia hata kucheka kwenyewe umechelewa."

"Angesema hivyo," akasema Babu polepole.

"Arobaini usipokuja nakushtaki."

"Nitakuja. Na jogoo wangu uniwekee, nikikuta hayupo nalala mlangoni hamtoki."

Walicheka wote wawili, kicheko cha wazee kinachoishia kwenye kikohozi. Simu ikakatika. Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo muda wote huo, akarudi uani akiimba kitu. Nikampigia Shangazi haraka, nikamwambia yamekwisha, ni utani. Akashukuru Mungu mara tatu, kisha akauliza kama kuna mtu amemtajia Babu habari ya bosi. Nikasema mtandao unasumbua.

Niliporudi ndani, Babu alikuwa bado mkekani. Chai ilikuwa imeingia utando.

"Sikumwambia," akasema.

"Hukumwambia nini?"

"Kwamba haikuwa utani. Nililia, mke wangu. Kweli kabisa. Yeye kadhani nilicheka, na mimi nikanyamaza, nikakubali sifa ya bure."

"Si amekunywa uji?"

"Amekunywa." Akaifuta miwani kwa shuka. "Lakini nilitaka ajue."

Sikuwa na jibu la hilo. Nikamwambia anywe chai. Baada ya muda akaniuliza kama kuna kichwa cha treni kwenye simu, si hii mipya ya umeme inayotoka Dar kwenda Dodoma, ya zamani, yenye moshi. Nikamtafutia. Akaitazama kwa makini, akakagua magurudumu, akataka kujua kwa nini haina behewa la gadi. Mwisho akaridhika. Nikamfungulia namba ya Mzee Pazi mwenyewe, si grupu, akaandika kwa kidole kimoja kwa muda wa dakika kumi hivi:

"Pazi. Nalia nawe. 🚂"

Akaikagua mara mbili, akanipa niikague mara ya tatu, ndipo akaituma. Tukakaa tunaingoja. Tiki zikawa mbili, zikageuka bluu. Mzee Pazi akaandika, akaacha, akaandika tena. Kisha ikaingia.

😂😂😂😂😂😂😂

Babu alizihesabu kwa ncha ya kidole, moja moja, mpaka ya saba.

"Huyu sasa," akasema, "analia au anacheka?"

Nilitazama kwa muda mrefu. Nikamwambia sijui.