Kuhusu invoisi yenu ya demareji na storeji, kontena la vyoo na mabeseni mlilonitolea bandarini

Kaka habari za kazi, natumaini mko salama hapo ofisini. Nimepokea invoisi yenu ya jana tarehe 3 Aprili 2025, dola 1,220, storeji ya bandari dola 680 na demareji ya wenye meli dola 540, na chini mmeongeza laki na nusu ya "amendimenti na ufuatiliaji". Nimeisoma usiku, nimeisoma tena asubuhi, nimempa na kijana wangu wa mahesabu naye kaisoma, na jibu langu ni kwamba siilipi kama ilivyo. Naandika kwenye imeili badala ya kupiga simu maana kwenye simu tunaongea vizuri, tunacheka, halafu kesho yake deklaranti wenu ananiambia tofauti.

Twende na tarehe maana ndio kila kitu hapa. Nyaraka zangu zote, yaani BL ya teleksi rilizi, invoisi ya kiwandani, pakingi listi na cheti cha ubora cha TBS kutoka kule kule China, niliwatumia tarehe 17 Februari, na dada wa mapokezi akanijibu "zimekamilika, tunaanza". Meli imeshusha Dar tarehe 3 Machi. Yaani mlikuwa na wiki mbili kamili za kupeleka TANSAD forodha kabla meli haijafika, wao wanaruhusu hilo na nyie wenyewe kwenye kotesheni yenu mmejisifu kwamba mnafanya kabla ya meli kufika. Mmepeleka lini? Tarehe 6 Machi, meli ishashusha siku tatu.

Na ilipopelekwa ikapelekwa mbovu. Mzigo wangu ni vyoo vya kukaa na mabeseni ya kunawia vya kauri, na katoni chache za mifuniko ya plastiki ya vyoo. Pakingi listi imetenganisha kabisa, mstari kwa mstari. Namba ya forodha ya kauri ni 6910, ya mifuniko ya plastiki ni 3922, hata mimi muuza duka najua kwa sababu nimeingiza bidhaa hizo hizo mwaka jana na TANSAD ya mwaka jana mnayo kwenye faili langu. Deklaranti wenu akatia mzigo mzima kwenye 3922, yaani vyoo vya kauri vizito vile vikageuka plastiki! Tarehe 7 Machi forodha wakarudisha na swali, fafanua bidhaa na leta pakingi listi. Swali la kujibiwa nusu saa. Likajibiwa tarehe 17. Siku kumi kaka, na mimi katikati hapo nauliza kila siku naambiwa "sistimu inasumbua". Sasa skrinishoti aliyonitumia kijana wenu mwenyewe inaonyesha swali lina tarehe 7 na limekaa linasubiri jibu la ejenti. Sistimu ilikuwa inawasubiri nyie.

Marekebisho yalipoingia asesimenti ilitoka tarehe 19, kontrol namba mkanitumia saa saba mchana, saa tisa nikawa nimeshalipa na risiti ya benki nimewarushia hapo hapo. Tarehe 20 forodha wakaachia. Nikajua basi, kesho gari linaingia. Kumbe bado, wenye meli wamekataa kutoa dilivari oda kwa sababu barua yenu ya maombi imeandikwa namba ya kontena inaishia 4812 wakati kwenye BL ni 4182. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, ya mwisho kabisa iko pale kwa ajili ya kuhakikia zilizotangulia, kuikagua kwenye kompyuta ni sekunde tu. Barua mpya imeenda tarehe 24, mzigo umetoka getini tarehe 25, kontena tupu nimelirudisha tarehe 27.

Mtaniambia kwenye kotesheni imeandikwa "demareji na storeji ni juu ya mteja". Ni kweli ipo, nimeiona. Lakini maana yake ni mteja akichelewesha nyaraka au hela, au bandari ikijaa, mambo ambayo hayapo mkononi mwenu. Sentensi hiyo haisemi mteja atalipia na kosa la deklaranti, na sidhani kama kuna mteja angesaini kitu cha namna hiyo. Nimewalipa ejensi fii ili nyaraka ziandikwe sawa, hiyo ndio kazi yenyewe niliyowapa, hakuna nyingine.

Sasa mimi sio mtu wa kukwepa deni. Siku za bure za storeji zilikuwa tano, zimeisha tarehe 8. Za wenye meli zilikuwa saba, zimeisha tarehe 10. Tuseme mngefanya kazi sawa tangu mwanzo lakini forodha wakachukua muda wao wa kawaida, mzigo ungetoka tarehe 10 Machi na kontena ningelirudisha tarehe 12, kama nilivyofanya safari hii, siku mbili baada ya kutoka. Hapo ningedaiwa storeji ya tarehe 9 na 10, siku mbili kwa dola 40, ni dola 80. Demareji ya tarehe 11 na 12, siku mbili kwa dola 20, ni dola 40. Jumla dola 120, hiyo nalipa leo leo. Dola 1,100 inayobaki ni siku 15 za storeji na siku 15 za demareji, na hizo ni zenu. Mkumbuke pia kwamba hizo siku za mwisho ndio ghali, kwenye demareji baada ya siku saba za kulipia bei imeruka kutoka dola 20 kwenda 40, kwa hiyo ucheleweshaji wenu ndio umenisukuma kwenye bei ya juu.

Hiyo laki na nusu ya amendimenti silipi hata shilingi. Mnirekebishie kosa lenu halafu mnitoze hela ya kurekebisha? Hata fundi nguo akikata vibaya hakudai hela ya kushonea upya. Na neno "ufuatiliaji" silielewi, kama kuna mtu kafuatwa na kapewa kitu, risiti yake iko wapi.

Halafu naomba invoisi halisi ya bandari na ya wenye meli pamoja na risiti zake za EFD. Mlichonitumia ni karatasi yenu tu, mmeandika jumla. Hata hizo dola 120 nataka nizione zinatoka wapi.

La mwisho ndilo limeniudhi. Kijana wenu kaniambia BL ya kontena la pili mnaishikilia mpaka nilipe hii. Meli hiyo inafika tarehe 14 Aprili. Mzigo wa pili hauna deni, na mkiishikilia ikaanza kula storeji tena hiyo nayo itakuwa juu yenu, naandika mapema ili msije mkasema hamkujua. Naomba nyaraka ziachiwe na invoisi irekebishwe kabla ya Jumatano tarehe 9 Aprili. Ikipita hapo nachukua nyaraka zangu nampa ejenti mwingine, na malalamiko yanaenda TASAC, nakala kwa TRA upande wa forodha ambako leseni yenu inatoka, pamoja na skrinishoti, barua yenye 4812 na mazungumzo yote ya Watsapu.

Nimeambatanisha vyote hapo chini. Kama kuna tarehe nimekosea nioneshe karatasi, nitairekebisha. Kama hakuna, nitumie invoisi ya dola 120 nilipe tuendelee na kontena la pili.

Mama Nasra, duka la vifaa vya ujenzi, Tegeta