Ombi la kuongezewa muda: tafsiri ya mwongozo wa sumukuvu kwenye mahindi

Dada Rehema, habari za kazi.

Naomba uniongezee muda wa kukabidhi kazi hii. Tulikubaliana Ijumaa, 13 Juni. Naomba iwe Alhamisi, 19 Juni 2025, saa 10 jioni. Kitabu kinatakiwa kiwandani Jumatatu ya tarehe 23, kwa hiyo utabaki na Ijumaa nzima ya kukipitia.

Kati ya kurasa 36 nimeshatafsiri 31. Zilizobaki ni 5 za sura ya nne, inayohusu kukausha na kuhifadhi. Hizo ningeweza kuzimaliza kesho. Kilichonisimamisha ni mambo mawili ambayo sitaki yachapwe yalivyo.

La kwanza ni neno lenyewe. Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda Kongwa na kurasa nilizochapisha nikawasomea wakulima 12, wengi wao akina mama. Nilipouliza sumukuvu ni nini, mama mmoja akajibu bila kusita: ni dawa ya kuua kuvu, tuiweke kwenye mahindi. Wenzake wanne wakamuunga mkono. Ukifikiri, wana haki kabisa. Sumu ya panya ni ya kuua panya, basi sumukuvu itakuwa ya kuua nini? Neno hili limeshazoeleka maofisini na siwezi kuliondoa, lakini mkulima anayelikuta kwa mara ya kwanza anaweza kulielewa kinyume. Nimeamua kila sura ianze na "sumu inayotengenezwa na kuvu", na sumukuvu ifuate baada ya hapo. Neno sumukuvu lipo sehemu 43, pamoja na zile zilizo ndani ya michoro, na kila sentensi inabidi isukwe upya ili isomeke. Baada ya hapo nataka niwasomee tena kundi lile lile Jumapili ya tarehe 15. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuomba siku hizi.

La pili liko kwenye matini ya Kiingereza. Ukurasa wa 9 unasema mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hicho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Ukurasa wa 22 unaeleza kipimo cha chumvi: changanya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, na chumvi isipoganda kwenye kioo mahindi yako tayari kuhifadhiwa. Tatizo ni kwamba chumvi hukoma kuganda unyevu ukishuka chini ya takribani asilimia 15. Mkulima akifuata ukurasa wa 22 peke yake anaweza kufunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa mahindi yenye asilimia 14 na zaidi, akiamini yamekauka. Mimi si mtaalamu wa nafaka na siwezi kubadili maelekezo kwa uamuzi wangu. Napendekeza isomeke hivi: "Chumvi ikiganda, mahindi bado mabichi. Isipoganda, endelea kuyaanika kisha yapime kwa mashine ya unyevu." Tafadhali mpelekee mtaalamu wenu aniambie kama ni sahihi, nikipata jibu kabla ya Ijumaa mchana itanisaidia sana.

Nilipaswa kukuandikia jana asubuhi, mara tu niliporudi kutoka Kongwa. Nilidhani ningeweza kufidia kwa kukesha, na sikufanya vizuri kukuacha bila taarifa siku nzima. Samahani.

Kinachoniumiza ni kwamba watu wanavuna sasa hivi. Mahindi ya Kongwa mengine yameshapukuchuliwa, yako kwenye maturubai. Hii sumu haionekani kwa macho, na kuipika ugali hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi waliyolima wenyewe. Kwa hiyo sitaki siku sita hizi ziwacheleweshe wakulima. Bango la ukurasa mmoja, lile la kuanika juu ya turubai na kuchambua punje zilizooza, halina kipimo cha chumvi na nimeshalirekebisha maneno. Nitakukabidhi Ijumaa hii hii, 13 Juni, ili maafisa ugani waanze kulisambaza huku kitabu kikimalizika.

Kama kiwanda hakiwezi kusubiri, niambie. Nitaleta kitabu Jumatatu, 16 Juni, kikiwa na marekebisho ya Jumapili, ila kipimo cha chumvi kitolewe kabisa kama mtaalamu atakuwa hajajibu. Kipimo hicho kikiachwa kama kilivyo, sitakubali jina langu liwekwe kama mfasiri.

Naomba jibu lako kesho Jumatano kabla ya saa 6 mchana, ili nijue nipange vipi safari ya Kongwa. Kurasa 31 nimeziambatanisha hapa chini, na sehemu za neno sumukuvu nimezipaka rangi ya njano.