Wosia wa Rehema Yakobo Ndahani

Mimi, Rehema Yakobo Ndahani, mwenye umri wa miaka 47, muuguzi, mjane wa marehemu Elia Sogodi, mkazi wa Nkuhungu, Jiji la Dodoma, naandika wosia huu leo tarehe 14 Machi 2025 nikiwa na akili timamu, kwa hiari yangu, bila kushawishiwa na mtu. Nafuta wosia wowote nilioutoa kabla ya huu, kwa maandishi au kwa mdomo.

Mimi ni Mkristo na nimeishi hivyo. Nataka mirathi yangu iendeshwe kwa sheria za nchi, si kwa mila za ukoo wa kwetu wala wa ukweni.

1. Watoto wangu ni watatu tu: Yohana Elia Sogodi, aliyezaliwa 2001, Neema Elia Sogodi, aliyezaliwa 2010, na Amani Elia Sogodi, aliyezaliwa 2014.

2. Msimamizi wa mirathi yangu awe kaka yangu, Daudi Yakobo Ndahani wa Kizota. Akifariki kabla yangu, akikataa au akishindwa, awe shemeji yangu Petro Sogodi wa Chamwino. Alipe kwanza gharama za mazishi, halafu deni langu la saccos ya kazini, kabla ya mtu yeyote kupewa kitu.

3. Neema na Amani walelewe na mdogo wangu, Tabitha Yakobo Ndahani, mpaka kila mmoja atimize miaka 18. Akishindwa, awalee mama mkubwa wao, Eliza Yakobo Ndahani. Wasitenganishwe. Nimezungumza na Tabitha na Eliza, wote wamekubali.
Tabitha awalee, lakini fedha zao azishike Daudi. Nimetenganisha makusudi, wala si kwamba simwamini mdogo wangu: nimeona hospitalini ndugu wakigombana mbele ya kitanda cha mgonjwa kwa sababu mtu mmoja alishika watoto na pochi. Daudi ampe Tabitha ada na matumizi kila mwanzo wa muhula, na wote wawili wasaini kwenye daftari moja.

4. Nyumba ya Nkuhungu, yenye vyumba vinne na vyumba viwili vya uani, ni ya Neema na Amani, nusu kwa nusu. Mirathi ya mume wangu ilishafungwa mahakamani na hati ya nyumba imeandikwa jina langu peke yangu. Isiuzwe wala kuwekwa rehani kabla Amani hajatimiza miaka 18. Kodi ya vyumba vya uani itumike kwa ada zao.
Yohana hayumo kwenye nyumba, na naye anajua sababu: mwaka 2023 nilimnunulia kiwanja Nzuguni na kumlipia ada ya chuo. Hicho ndicho fungu lake la makazi.

5. Shamba la zabibu la eka mbili, kijiji cha Makang'wa, wilaya ya Chamwino, lina mistari 36 ya mizabibu. Mistari 20 kuanzia upande wa barabara ni ya Yohana, kwa kuwa ndiye anayekata matawi na kupiga dawa. Mistari 16 inayobaki, mpaka kwenye mbuyu, ni ya Neema na Amani kwa pamoja. Mtu asihesabu kwa hatua za miguu, ahesabu mistari. Kisima ni cha wote watatu.

6. Ng'ombe watano walioko kwa Petro ni wangu, si wa ukoo. Wana alama ya kukatwa sikio la kushoto, na Petro anaijua. Mmoja ni wa Petro kwa kazi ya kuwachunga. Wanne waliobaki, pamoja na ndama watakaozaliwa, wagawanywe sawa kwa watoto wangu watatu.

7. Fedha zilizo benki, mafao yangu ya hifadhi ya jamii kwa kadiri sheria inavyoruhusu, na chochote nisichokitaja, vigawanywe sawa kwa wote watatu. Cherehani ni ya Neema.

8. Kaka yangu Samweli namsamehe deni la shilingi 800,000. Asidaiwe, na asidai kitu kwenye mirathi.

9. Mtoto wangu akifariki kabla yangu, fungu lake liende kwa watoto wake. Kama hana, kwa ndugu zake waliobaki.

Wosia huu una nakala tatu: moja RITA, moja kwa Daudi, moja kwenye sanduku langu la bati.

Nimesaini mbele ya mashahidi wawili, ambao nao wamesaini mbele yangu na mbele ya mwenzao, kila ukurasa. Hakuna kati yao anayerithi.

Mwusia: R. Y. Ndahani (sahihi)
Shahidi wa kwanza: Josephat Mlugu, mwalimu, jirani, Nkuhungu (sahihi)
Shahidi wa pili: Agnes Chalo, muuguzi, mkazi wa Makole (sahihi)