DOKEZO KWA MENEJA WA KARAKANA

KUTOKA: Ofisa Mipango ya Uzalishaji
TAREHE: 12 Juni 2025
YAH: PENDEKEZO LA PROGRAMU KUHUSU UKATAJI WA PAIPU ZA FREMU, NA MIPAKA YA KULIAMINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ulinitaka nieleze kwa maandishi programu ya kukokotoa imependekeza nini kuhusu oda ya fremu, na kama tunaweza kuingia kazini kwa kulifuata pendekezo hilo jinsi lilivyo. Jibu langu ni kwamba hesabu yake ni sahihi na nimeihakiki kwa mkono, lakini imejengwa juu ya dhana ambayo stoo yetu haiwezi kuithibitisha mpaka paipu zikaguliwe, yaani kwamba kila paipu ya mita 6 inafaa kukatwa kuanzia ncha hadi ncha.

Oda inahitaji vipande 48 vya milimita 2,400, vipande 60 vya milimita 1,750 na vipande 90 vya milimita 1,100. Kwa desturi yetu ya kukata kila kipimo peke yake tungetumia paipu 24, 20 na 18 kwa mfuatano huo, jumla 62. Programu inasema paipu 56 zinatosha. Katika mpango wake, ambao nitauita wa kwanza, paipu 30 zinatoa kila moja kipande kimoja cha 2,400 na viwili vya 1,750; paipu 9 zinatoa viwili vya 2,400 na kimoja cha 1,100; paipu 16 zinatoa vitano vitano vya 1,100; na paipu ya mwisho inakatwa kipande kimoja tu cha 1,100, nyingine yote ikibaki.

Mwishoni mwa kazi programu iliandika `Optimal`, na neno hilo lisomwe kwa uangalifu. Maana yake ni kwamba, kwa vipimo na masharti niliyoingiza, hakuna mpango wowote unaotumia paipu chini ya 56. Hilo unaweza kulihakiki kwa kalamu: kipe kila kipande cha 2,400 uzito wa 0.4 ya paipu, cha 1,750 uzito wa 0.3 na cha 1,100 uzito wa 0.2, jaribu kila namna ya kuvipanga vipande ndani ya mita 6, na utaona hakuna inayozidi uzito wa 1. Oda nzima ina uzito wa 55.2, kwa hiyo paipu 55 haziwezi kutosha. Hata hivyo neno hilo halisemi lolote kuhusu paipu zilizolala stoo wala kuhusu fundi aliye kwenye mashine.

Niliingiza urefu wa milimita 6,000 kamili na milimita 3 zinazoliwa na diski kila inapokata. Unene wa diski haunipi wasiwasi. Hata tukifunga ya milimita 5 mpango hautatikisika. Ncha za paipu ndizo zinazonipa wasiwasi. Jana nilipima kwa futi kamba paipu kumi za juu kwenye rafu, na tatu kati yake zilikuwa zimebonyea au kuliwa na kutu pande zote mbili, kiasi cha milimita 50 kila upande. Sasa tazama paipu inayotoa kipande cha 2,400 na viwili vya 1,750. Vipande vina jumla ya 5,900, diski inakula 9, zinabaki 91. Ukipunguza ncha moja kwa milimita 50 bado unapita. Ukihitaji kupunguza zote mbili, kipande cha mwisho kinapungua kipimo, na fundi atalijua hilo baada ya kukata na wala si kabla. Paipu 9 zenye vipande viwili vya 2,400 zinabanwa vivyo hivyo, na kwa kuwa kupunguza ncha ya mwanzo kunaongeza mkato mmoja wa milimita 3, paipu 39 kati ya 56 haziwezi kuvumilia ubovu wa ncha unaozidi jumla ya milimita 88. Zile 16 za vipande vitano zinavumilia bila shida, na ndizo zinazofaa kupewa paipu mbovu.

Kwa sababu hiyo nilitafuta mpango mwingine wa paipu 56 usiobana sana, na upo. Paipu 22 zitoe kipande kimoja cha 2,400 na viwili vya 1,750. 26 zitoe kimoja cha 2,400 na vitatu vya 1,100. Na 8 zitoe viwili vya 1,750 na viwili vya 1,100. Hapa paipu 34 zinaweza kuwa na ncha mbovu na kazi ikaenda, na tunapata vipande vinne vya ziada vya 1,100. Programu haikuona tofauti yoyote kati ya mipango hii miwili, kwa kuwa niliiagiza ihesabu paipu tu. Tofauti ipo, na ina gharama yake: mpango wa kwanza unatuachia karibu mita 4.9 za paipu ya mwisho, zinazotosha kufidia vipande viwili vya 2,400 vikiharibika, ilhali mpango wa pili hauna akiba yoyote kwa kipimo hicho.

Endapo paipu zote zina ncha mbovu kiasi hicho pande zote mbili, mahitaji yanapanda hadi 59. Hapo kuna paipu 30 za kipande kimoja cha 2,400 na vitatu vya 1,100, paipu 9 za viwili vya 2,400, na 20 za vitatu vya 1,750. Nafuu yetu dhidi ya desturi ya sasa inashuka kutoka paipu sita hadi tatu.

Muda wa kazi haumo kabisa katika hesabu. Kukata vipimo viwili kwenye paipu moja kunamlazimu fundi ama kuhamisha kizuizi kila mara, ama kukata kwanza vipande vyote vya 2,400 na kulaza chini mabaki ya mita 3.6 hadi zamu yake ifike. Njia ya pili ni ya haraka zaidi, lakini inataka nafasi sakafuni, na wewe ndiye unayejua kama tunayo wiki hii.

Vilevile nimechukulia kwamba michoro haitabadilika. Mteja akiongeza kipimo cha 1,750 kiwe 1,800, kipande cha 2,400 na viwili vya 1,800 vinafika 6,000 kamili, diski haina pa kupita, na hesabu yote inaanza upya. Naomba vipimo vithibitishwe kwa saini kabla diski haijagusa paipu ya kwanza.

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza zitolewe stoo paipu 59, zikaguliwe ncha zote, na zenye ubovu unaozidi jumla ya milimita 88 ziwekwe alama ya chaki. Katika 56 tutakazozitumia, zenye alama zisipozidi 16, tufuate mpango wa kwanza na kuzielekeza zote kwenye vipande vitano vya 1,100. Zikiwa kati ya 17 na 34, tufuate mpango wa pili. Zikizidi hapo, tukate kwa mpango wa paipu 59. Zisizotumika zirudishwe stoo siku hiyohiyo kwa hati.

Ukaguzi ninaweza kuusimamia kesho asubuhi pamoja na mtunza stoo, ukiridhia.

Naomba kuwasilisha.