Maswali ya anayeunganisha kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza

Vifaa vilivyonunuliwa ni hivi: mazabodi ya ATX yenye soketi ya AM5, prosesa yake, RAM ya DDR5 vipande viwili, kipozeo kikubwa cha feni, diski ya M.2, kadi ya grafiki, pawa saplai ya wati 750 yenye kebo za kuchomeka, na keisi. Mwenye vifaa hajawahi kufungua kompyuta, akatuma maswali kabla ya kukata boksi hata moja.

Fundi, ninunue seti nzima ya vifaa vya ufundi?

Hapana. Bisibisi moja ya nyota, saizi namba 2, yenye ncha ya sumaku na shina refu kidogo, inafanya karibu kazi yote. Sumaku ndiyo ya muhimu: skrubu ikidondoka chini ya mazabodi utapoteza muda kuitafuta, na usipoipata itakuja kugusisha njia za umeme. Ongeza bisibisi ndogo, namba 1, kwa skrubu ya M.2. Tochi, mkasi, na tai za plastiki za kufungia kebo. Koleo la ncha ndefu ni zuri kuwa nalo, si lazima. Bisibisi ya umeme iache kabatini. Inakaza kupita kiasi kabla hujajua imekaza.

Na ile bangili ya kuzuia umeme tuli?

Ukiwa nayo, ivae. Usipokuwa nayo, kazi haisimami. Umeme tuli unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote mkononi, kwa hiyo usiupuuze, lakini kinga yake ni nyepesi. Weka pawa saplai karibu, ichomeke kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi, swichi yake ya nyuma ikiwa imezimwa, kisha gusa chuma chake kisicho na rangi kila unapokaribia kushika kifaa kipya. Usifanye kazi juu ya zulia, wala usivae sweta la sufu. Shika mazabodi na kadi kwa kingo. Ukifika wakati wa kuunganisha kebo, chomoa waya wa ukutani kabisa.

Meza iweje?

Ngumu, pana, yenye mwanga kutoka juu. Mazabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, na pembeni unahitaji nafasi ya keisi iliyolazwa ubavu. Boksi la mazabodi ndilo jukwaa lako bora: ilaze juu ya kadibodi. Usiilaze juu ya ule mfuko wa kung'aa iliyokuja nao, maana sehemu ya nje ya baadhi ya mifuko hiyo hupitisha umeme. Skrubu zigawe kwenye vibakuli. Zile za M3, zenye meno membamba, hazibadilishani na zile nene za pawa saplai. Ukiona skrubu inagoma baada ya mzunguko wa kwanza, usiilazimishe.

Nianzie wapi? Mwingine ananiambia keisi, mwingine prosesa.

Anza mezani. Kila kinachoweza kufungwa mazabodi ikiwa nje, kifungwe ikiwa nje. Ndani ya keisi mkono haupiti na macho hayaoni.

Prosesa kwanza. Fungua kishikizo cha soketi, inua fremu ya chuma. Kwenye AM5 pini ziko ndani ya soketi, si kwenye prosesa, na ni nyembamba mno. Moja ikipinda, mazabodi inaweza kuwa imekwisha. Basi usiingize kidole, usipulize kwa mdomo. Tafuta pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa, ilinganishe na ile ya soketi, shusha prosesa wima na uiachie. Usiisukume wala kuitelezesha. Ikikaa sawa haichezi. Sasa shusha kishikizo. Kitakuwa kigumu na huenda kikatoa mlio wa kutisha; ni kawaida. Kifuniko cheusi cha plastiki kitajiondoa chenyewe. Kihifadhi, kwani huenda ukakihitaji siku ya kudai warranti.

Kisha RAM. Vipande viwili kwenye nafasi nne huenda kwenye A2 na B2, yaani ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Linganisha pengo la katikati, bonyeza ncha zote mbili hadi usikie mlio. Hapa ndipo watu wengi huogopa kutumia nguvu, nao hujikuta na skrini nyeusi.

M.2 inaingia kwa mshazari, unailaza, unaikaza. Kama ina kifuniko cha kupozea, bandua karatasi ya plastiki chini yake.

Pesti ya prosesa nipake kiasi gani?

Tone la ukubwa wa punje ya dengu, katikati. Kipozeo chenyewe kitaisambaza. Angalia kwanza chini ya kipozeo: kama pesti imeshapakwa kiwandani, usiongeze. Na kama kuna karatasi ya plastiki yenye onyo, itoe! Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo na kwa mshazari, ili mgandamizo uwe sawa. Waya wa feni unaenda palipoandikwa CPU_FAN.

Keisi inaingia saa ngapi?

Baada ya jaribio. Mazabodi ikiwa bado juu ya boksi, unganisha kebo kubwa ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 8, chomeka skrini kwenye mazabodi ikiwa prosesa yako ina grafiki ya ndani, rudisha waya wa ukutani, washa swichi ya nyuma ya pawa saplai, kisha gusisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili za PWR_SW, yaani za kitufe cha kuwashia, mara moja. Usishtuke ikikaa kimya: DDR5 mara ya kwanza hujipima, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Mazabodi nyingi zina taa ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki ikiwaka ndiyo inayokuonyesha pa kutazama. BOOT ikiwaka hapa usijali, bado hujaweka mfumo.

Ikikubali, zima, chomoa, ingia kwenye keisi. Hesabu vinguzo vya shaba, vile vya ndani ya keisi vinavyobeba mazabodi, ukilinganisha na matundu ya mazabodi. Kinguzo kilichobaki pasipo na tundu kitagusa mgongo wa mazabodi na kuleta shoti. Bamba la nyuma ya keisi, lenye matundu ya kuchomekea nyaya, linatangulia kama halijashikana na mazabodi. Pawa saplai, mazabodi, kisha kebo ya pini 8 upesi, maana ile kona ya juu hujifunga mapema. Nyaya ndogo za kitufe fuata mchoro wa kitabu. Swichi haina chanya wala hasi, taa inayo. Kadi ya grafiki ndiyo ya mwisho.

Kebo za pawa saplai yangu ya zamani naweza kuzitumia?

Usithubutu. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka, hata kama plagi inaingia vizuri. Inaweza kuunguza diski papo hapo.

Na nikiwasha, feni zikazunguka, lakini skrini haina kitu?

Tazama waya wa skrini. Uutoe kwenye mazabodi, uuchomeke kwenye kadi. Bado? Hakikisha kebo ya umeme ya kadi imezama hadi mwisho, kisha bonyeza RAM upya.