Mkono wa Kariobangi

Ule mkono wa roboti uliingia kwenye karakana ya Wafula ndani ya gunia, umefungashwa pamoja na miguu ya viti na fremu za vitanda, mzigo ambao chuo fulani kilikuwa kinautupa. Wafula aliulipia kwa kilo kama chuma kingine chochote. Ulikuwa na rangi ya machungwa, viungo vinne, na vidole viwili vya alumini, kimoja kimekatika. Aliuunganisha na stima, ukatoa harufu ya kuungua, na huo ukawa mwisho wa masomo yake. Akaufunga ukutani kwa bolti, akawa anatundikia ovaroli. Kwa kazi hiyo haukuwahi kumwangusha.

Hapo Kariobangi Light Industries, Wafula hutengeneza bawaba na komeo za masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa bweni huyabeba Januari. Wenye kuunda masanduku wako Kamukunji, na ikifika Desemba hupiga simu hadi usiku. Ndiyo maana mpwa wake, Simiyu, alipotumwa kutoka Kitale kuja kukaa naye likizo, hakuna aliyemtembeza mjini. Alipewa ufagio, na baada ya ufagio, kazi ya kuhesabu bawaba.

Ukihesabu bawaba siku nzima, utayaona mengi. Simiyu aliona jinsi Otieno alivyoendesha presi: mkono wa kushoto unasukuma kipande cha bati chini ya chuma, mguu unakanyaga pedali, chuma kinashuka kwa kishindo, tundu limetoka. Kati ya vidole na mguu hapakuwa na kitu ila mazoea. Tena aliona kidole cha shahada cha mjomba wake, kisicho na ncha, na hakuhitaji kuuliza kiliishia wapi.

"Mjomba, ule mkono ukifufuka, Otieno hatakuwa anaingiza vidole pale."

"Na ovaroli nitatundika wapi?"

Hilo si jibu la kukataa, mwenye mjomba anajua. Masharti yakafuata: isiwe saa za kazi, na asiguse hela ya karakana.

Kwa Baba Shiro, muuza vyuma chakavu mtaa wa pili, printa zilikuwa zimerundikwa mpaka kwenye dari. Maofisi ya mjini huzitupa wino wake unapoanza kuwa ghali kuliko printa yenyewe. Baba Shiro alikuwa akizivunjavunja kupata chuma, plastiki anaichoma. Simiyu alimwomba azivunje yeye, akarudisha chuma chote, ila vile vidude vya ndani abaki navyo. Mzee akaona amepata kibarua wa bure.

Printa za sindano, zile za zamani zenye kelele, ndizo zilizomfurahisha. Ndani mna mota zinazokwenda kwa hatua: ukizipa umeme kwa mpangilio, zinageuka kidogo na kusimama, zinageuka kidogo na kusimama. Nyingine huhitaji hatua 200 kumaliza mzunguko mmoja. Printa huzitaka hivyo ili mstari uandikwe pale pale unapotakiwa, na mkono unazitaka kwa sababu hiyo hiyo. Kila mota ilikuwa na nyaya nne zisizo na maelezo. Simiyu hakuwa na mita, basi aligusanisha nyaya mbili mbili na kuzungusha mhimili kwa vidole. Mhimili ukizunguka kwa wepesi, hizo si jozi. Ukikaza na kukataa, ameshika ncha mbili za koili moja.

Alitoa pia mikanda yenye meno, fimbo za chuma laini kama kioo, pawasaplai ya volti 24, na gia za plastiki kutoka printa za leza. Ubongo ulikuwa bodi ya Arduino aliyoazimwa na mwalimu wa klabu ya sayansi. Draiva za mota alizinunua Luthuli Avenue kwa nauli ya kurudia nyumbani. Kuhusu nauli hiyo mama yake hakuambiwa, na sisi tusimwambie.

Jaribio la kwanza lilifanyika mbele ya watu, jambo ambalo fundi mzoefu hafanyi. Kiganja kilifunga. Kiwiko kikainuka. Bega likalia kama mbu, likatetemeka, likaanguka na kila kitu kilichokuwa juu yake.

"Huyu anataka chai kwanza," Otieno akasema.

Mota ya printa imezoea kusukuma kichwa chepesi cha wino, si kuinua bega. Simiyu alipachika gia ndogo kwenye kubwa, kubwa kwenye kubwa zaidi, mpaka mota ikawa inazunguka mara nyingi ili bega lisogee kidogo. Nguvu ikapatikana, mwendo ukapungua. Lakini jioni moja stima ilipotea mtaa mzima, na mkono ukajiangusha tena, kwa kuwa mota hizi hushika tu zikiwa na umeme. Ni Wafula aliyelitatua hilo, akipita zake na kikombe mkononi. Hakusema kitu. Alichukua nati nzito za lori, akazitunga kwenye nondo, akaichomelea nyuma ya bega. Upande ukaulemea mwenzake. Kuanzia hapo mkono ukawa unakaa ulipoachwa, stima iwepo isiwepo.

Ikabaki pedali. Mkono ukiwa bado chini ya presi na Otieno akakanyaga, kazi yote ingegeuka kuwa bati. Simiyu alirudi kwenye rundo la vipuri. Kila printa ina jicho dogo linalojua kama karatasi imepita, na ya leza ina solenoidi inayovuta ulimi mdogo karatasi ikihitajika. Jicho alilifunga mahali ambapo mkono hurudi kupumzika. Solenoidi haina ubavu wa kuzuia mguu wa mtu, kwa hiyo aliipa kazi ndogo tu: kuvuta pini ya chuma iliyokaa chini ya pedali. Mkono usipoonekana na jicho, pini inabaki mahali pake. Na umeme ukikatika, springi inairudisha pini hapo hapo.

Wafula hakumruhusu Otieno ajaribu. Alikaa mwenyewe kwenye kigoda cha presi, mkono ukaingiza kipande cha bati, naye kabla haujatoka akakanyaga kwa nguvu. Pedali ikagoma. Akasimama juu yake kwa uzito wake wote, na Wafula si mtu mdogo. Ikagoma. Mkono ukatoka, pini ikasema *tik*, na Wafula nusura aanguke pamoja na pedali. Kwenye bati kulikuwa na tundu, katikati kabisa.

"Ni polepole," Otieno akasema baada ya kuutumia hadi saa nane. "Mimi ningekuwa nimemaliza boksi mbili."

"Vidole vyako vina haraka ya kwenda wapi?"

Otieno akacheka, akaendelea kukanyaga. Wafula alifungua daftari la oda, akapiga hesabu upande wa nyuma, akafuta, akapiga tena. Kisha akamtazama mpwa wake.

"Ile presi ya bawaba. Unahitaji nini?"

"Printa nne, Mjomba. Tano, tukipata."

"Nenda basi, Baba Shiro hajafunga."

Baba Shiro hakuwa amefunga. Alikuwa ameketi mlangoni, na printa zake, zilizokuwa zikilala vumbini, sasa zimepangwa kwenye meza na kupanguswa. Kijana mmoja wa mtaani tayari alikuwa amemweleza kinachoendelea kwa Wafula.

"Bei ya kilo ni ile ile, kijana wangu," akasema. "Lakini hizi hatupimi kwa kilo siku hizi. Hizi tunahesabu mota."