Mkataba wa Wanahisa wa Kampuni ya Kukoboa Kahawa, Mbale: Ibara za Mkwamo na Thamani ya Haki

12. MKWAMO

12.1 Waanzilishi wawili wa Kampuni, kila mmoja akiwa na hisa 500 kati ya hisa zote 1,000, wanakubali kwamba hakuna kati yao, wala mwenyekiti wa kikao chochote, atakayekuwa na kura ya uamuzi ya kuvunja sare. Usawa huu wameuchagua kwa hiari, wakijua kwamba unaweza siku moja kuisimamisha Kampuni.

12.2 Mkwamo utakuwa umetokea pale tu ambapo jambo linalohusu bajeti ya mwaka, mkopo unaozidi shilingi 50,000,000, uuzaji wa kiwanda au mashine zake, utoaji wa hisa mpya, ama uteuzi wa meneja mkuu limekosa kupitishwa kwa kura sawa katika vikao viwili vya bodi vilivyopishana kwa siku zisizopungua 10. Mwanzilishi anayevunja akidi kwa kutohudhuria bila sababu ya msingi atahesabiwa kuwa amepiga kura ya kupinga. Kazi za kila siku hubaki mikononi mwa meneja na haziwezi kuzaa Mkwamo.

12.3 Mkwamo ukiendelea, Kampuni itafuata bajeti ya mwisho iliyoidhinishwa, na malipo ya wakulima na mishahara hayatazuiwa kwa sababu yoyote inayotokana na mvutano wa Waanzilishi.

12.4 Waanzilishi watakutana ana kwa ana ndani ya siku 14. Wasipoafikiana, watakwenda mbele ya mpatanishi mmoja mjini Kampala kwa muda usiozidi siku 30, gharama zikilipwa na Kampuni.

12.5 Upatanishi ukishindikana, Mwanzilishi yeyote anaweza kutoa kwa maandishi Notisi ya Kuachana, inayoanzisha utaratibu wa Ibara za 13 na 14, isipokuwa yule ambaye msuluhishi wa Ibara ya 14.5 amethibitisha kwamba aliuzusha Mkwamo kwa nia mbaya ili kujipatia hisa za mwenzake.

13. THAMANI YA HAKI

13.1 Ndani ya siku 7 baada ya Notisi, Waanzilishi watamteua Mthamini, ambaye atakuwa mhasibu mwenye leseni ya Taasisi ya Wahasibu wa Umma Walioidhinishwa ya Uganda na ambaye hajamfanyia kazi yeyote kati yao, wala Kampuni, katika miaka 3 iliyotangulia. Wasipokubaliana, atateuliwa na Rais wa Taasisi hiyo.

13.2 Mthamini ataithamini Kampuni nzima kama biashara inayoendelea, kisha atagawa thamani hiyo kwa idadi ya hisa zote ili kupata Thamani ya Haki ya kila hisa. Hatapunguza chochote kwa hoja kwamba hisa 500 hazimpi mwenye nazo udhibiti wa peke yake, wala hataongeza chochote kwa hoja kwamba zinampa Mwanzilishi mwenzake anayezinunua udhibiti kamili. Anayeondoka asipoteze, na anayebaki asifaidike, kwa sababu tu mmoja ametangulia mlangoni.

13.3 Kwa kuwa mibuni ya arabika huzaa sana mwaka mmoja na kupungua mwaka unaofuata, faida itakayotumika itakuwa wastani wa miaka 4 iliyokaguliwa, ili isiwezekane kutoa Notisi baada ya msimu hafifu na kununua kwa bei ya msimu huo. Kahawa iliyo ghalani itahesabiwa kwa gharama yake au kwa bei inayoweza kupatikana sokoni baada ya gharama za kuuza, ipi iliyo ndogo. Mishahara ya Waanzilishi na kodi ya jengo linalomilikiwa na mmoja wao itarekebishwa kulingana na viwango vya soko.

13.4 Waanzilishi wote wawili watapewa vitabu vilevile kwa wakati uleule. Ripoti itatolewa ndani ya siku 45 na itakuwa ya mwisho, isipokuwa penye kosa la wazi la hesabu.

14. KUNUNUA AU KUUZA

14.1 Mtoa Notisi atataja bei moja kwa kila hisa, isiyopungua Thamani ya Haki, na mwenzake atakuwa na siku 60 za kuchagua kununua au kuuza kwa bei hiyo. Muda huu umerefushwa kwa makusudi, kwa maana utaratibu wa namna hii humpendelea mwenye fedha taslimu. Akinyamaza, atahesabiwa kuwa amechagua kuuza.

14.2 Mnunuzi atalipa asilimia 40 siku ya uhamisho, na salio kwa awamu ndani ya miezi 18, pamoja na riba ya kiwango cha Benki Kuu ya Uganda kikiongezwa asilimia 3 kwa mwaka. Hisa zilizonunuliwa zitawekwa rehani kwa muuzaji hadi salio liishe.

14.3 Hakuna uhamisho utakaokamilika kabla benki haijamwachilia muuzaji kwa maandishi kutoka kila dhamana binafsi aliyoiwekea Kampuni.

14.4 Mnunuzi akishindwa kulipa, mwenzake atakuwa na siku 30 za kununua hisa za mshindwa kwa Thamani ya Haki. Naye asipoweza, Kampuni itauzwa nzima kwa mtu wa tatu.

14.5 Mgogoro wowote juu ya Ibara za 12 hadi 14 utaamuliwa na msuluhishi mmoja mjini Kampala chini ya Sheria ya Usuluhishi na Upatanishi ya Uganda.